Kampuni imekataa kuzungumza, au imejibu muda umeshapita: maswali ya waandishi wa Tabora kuhusu aya ya haki ya kujibu

Maswali haya huletwa dawati la mikoa na waandishi walioko Urambo, Kaliua, Sikonge na Tabora mjini. Huwa mengi zaidi msimu wa masoko ya tumbaku, wakati habari za malipo zinamiminika na wasemaji wa kampuni hawashiki simu. Nayajibu kama mhariri ambaye habari hizo hupita mikononi mwake kabla ya kwenda kwenye ukurasa.

Ili tusizunguke, nimetumia mfano mmoja wa kubuni katika majibu yote. AMCOS moja ya Urambo, yaani chama cha ushirika cha wakulima, iliuza tumbaku kwa kampuni moja katika masoko matatu mwezi Juni. Mkataba wao unasema fedha ziingie kwenye akaunti ya chama ndani ya siku 14 baada ya kila soko. Masoko mawili ya kwanza yamelipwa. La tatu, lenye thamani ya dola 186,000, halijalipwa na sasa ni mwisho wa Julai. Kampuni ina ofisi ya kanda Tabora mjini na makao makuu Morogoro. Habari inatakiwa itoke gazeti la Alhamisi.

Aya ya haki ya kujibu inatakiwa ibebe nini hasa?

Mambo manne: uliwauliza nini, uliwafikia kwa njia gani, uliwapa hadi lini, na wao walifanya nini. Msomaji akimaliza aya hiyo awe na uwezo wa kuamua mwenyewe kama kampuni ilipewa nafasi ya kweli au ilipigiwa simu moja ya kutimiza wajibu.

Waandishi wengi hukumbuka jambo la nne peke yake. Wanaandika "kampuni haikujibu" na kuendelea. Lakini haikujibu nini? Kama uliuliza "mna maoni gani kuhusu malalamiko ya wakulima?", kimya cha kampuni hakimwambii msomaji chochote. Kama uliuliza "kwa nini dola 186,000 za soko la tatu hazijaingia kwenye akaunti ya chama, wakati mkataba unasema siku 14?", kimya kile kile kina uzito mwingine kabisa. Kwa hiyo aya nzuri huanza kutengenezwa siku unapoandika maswali. Swali la jumla jumla huzaa aya ya jumla jumla, na usiku wa kufunga ukurasa hakuna la kufanya tena.

Kwa nini mhariri anakata "hakupatikana" kila ninapoiandika?

Kwa sababu mara nyingi si kweli. Neno hilo limekuwa la kuzibia pengo: mtu alipokea simu akasema yuko kikaoni, unaandika hakupatikana, alisoma ujumbe akanyamaza, unaandika hakupatikana, alisema waziwazi hataki kuongea, bado hakupatikana. Hizo ni habari tatu tofauti na kila moja ina sentensi yake.

Hakupatikana ni mtu uliyemtafuta kwa njia zaidi ya moja na hakuna hata njia moja iliyokufikisha kwake. Simu imezimwa, baruapepe imerudi, ofisini mlinzi anasema amesafiri. Hapo tumia neno hilo, na bado useme ulimtafuta wapi. Aliyepokea maswali na kunyamaza, andika "hakujibu". Aliyesema hataki, andika "alikataa kuzungumzia". Aliyesema atajibu na hakufanya hivyo, andika hivyo hivyo: aliahidi kujibu, na hadi muda aliopewa unaisha hakuwa amejibu.

Kuna jambo jingine la kuangalia hapa. "Hakupatikana" ikiandikwa juu ya msemaji ambaye mwandishi alizungumza naye kwa dakika sita, kesho yake kampuni italeta rekodi ya simu. Habari yote itaonekana ya uongo kwa sababu ya neno moja, hata kama madai ya wakulima ni sahihi kwa senti ya mwisho. Wakulima ndio watakaoumia kwanza.

Niwape muda gani?

Hakuna idadi ya saa iliyoandikwa popote. Muda unapimwa kwa mambo mawili: ugumu wa maswali na haraka ya habari. Habari yetu ya Urambo haina haraka ya dakika. Deni lina wiki kadhaa na litakuwepo kesho. Maswali yanahitaji mtu wa uhasibu afungue vitabu, na huenda vitabu hivyo viko Morogoro. Maswali yakipelekwa Jumatatu saa 3 asubuhi na majibu yakaombwa Jumatano saa 10 jioni, hakuna mtu mwenye akili atakayesema mlivizia. Lakini ukituma maswali manne ya hesabu Jumatano saa 9 alasiri na kutaka majibu saa 11 jioni, umeshajiharibia, na aya yako itakuwa inakiri hilo yenyewe pindi utakapotaja saa.

Nawasihi muwe waangalifu na saa. Barua ikiandikwa "mjibu kabla ya saa 10:00", mhasibu wa Tabora anasoma saa kumi jioni, na meneja mgeni aliyetafsiriwa barua hiyo anasoma saa nne asubuhi. Inaweza pia kuwa kinyume chake, kama wewe uliandika ukifikiria asubuhi. Andika kwa namna isiyo na njia mbili: "Jumatano, saa 10:00 jioni (16:00)", pamoja na tarehe. Mabishano ya nani alichelewa mara nyingi huzaliwa hapa, na hakuna upande unaodanganya.

Ukiombwa muda wa nyongeza, uliza wataufanyia nini. "Mhasibu anarudi kesho asubuhi na ndiye mwenye hati za benki" ni sababu. "Tunalifanyia kazi" ni maneno tu. Kwa habari kama hii ya Urambo, mimi hukubali siku moja ikiwa sababu inaeleweka. Waandike kwa maandishi saa mpya mliyokubaliana, kwa sababu hiyo ndiyo itakayoingia kwenye aya.

Maswali niyapeleke kwa njia ipi?

Kwa njia mbili, na moja iwe ya karatasi kama ofisi iko karibu. Tabora mjini ofisi ya kanda ina masijala. Peleka barua yenye YAH: juu, maswali yakiwa na namba, muda wa mwisho ukiwa kwenye mstari wake peke yake, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua hiyo hiyo itume kwa baruapepe ya makao makuu. Kisha piga simu kuuliza kama imemfikia mhusika.

Tiki za bluu za WhatsApp zinakusaidia wewe kujua kuwa ujumbe umefunguliwa. Zisiingie kwenye habari. Simu ingeweza kuwa mikononi mwa mtoto wake au msaidizi wa ofisi, na sentensi "alisoma ujumbe lakini hakujibu" inamhukumu mtu kwa jambo usiloweza kulithibitisha. Andika tu kwamba ujumbe ulitumwa kwenye namba yake na hakujibu.

Wamekaa kimya hadi muda umeisha. Niandikeje?

Kabla ya kuandika, piga simu moja ya mwisho. Sababu ya simu hiyo ni kuhakikisha kimya ni uamuzi wao, maana barua hupotea kati ya masijala na meza ya meneja kila siku. Msemaji akikwambia hajaona kitu, una tatizo jipya na ni bora ulijue leo. Simu ikiita bila kupokelewa, endelea. Aya ya mfano wetu ingekuwa hivi:

> Gazeti hili lilipeleka maswali manne kwa kampuni hiyo Jumatatu asubuhi, kwa baruapepe na kwa barua iliyopokelewa katika ofisi yake ya kanda mjini Tabora, likiuliza kwa nini fedha za soko la tatu hazijalipwa na zitalipwa lini. Hadi saa 10 jioni jana, muda ulioombwa, kampuni haikuwa imejibu.

Angalia kwamba hakuna neno "ilikwepa", "iligoma" wala "ilipiga chenga". Maneno hayo yanaeleza nia, na nia ya mtu aliyenyamaza huijui. Pengine mwanasheria wao amewakataza. Pengine msemaji yuko msibani. Sentensi inayosema kilichofanyika tu inabaki kweli katika hali zote hizo.

Ni "haikuwa imejibu", si "haijajibu". Habari inaandikwa usiku na kusomwa kesho yake, na mtu wa Kigoma huenda akaipata baadaye zaidi. Ukisema "hadi tunakwenda mitamboni haijajibu", hakikisha kweli uliangalia baruapepe dakika hiyo. Wengi hawaangalii. Jibu linakaa kwenye kisanduku saa mbili nzima huku aya ikisema halipo.

Msemaji amesema "hatuna la kusema". Basi nimemaliza?

Hapana. Hapa ndipo kazi inapoanza, na ndilo jibu ninalotamani kila mwandishi alishike.

Kampuni ikikataa kuzungumza nawe, haina maana kwamba haina maelezo. Mara nyingi maelezo yameshatolewa mahali pengine: kwenye barua kwa AMCOS, kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa chama, kwenye kikao na Bodi ya Tumbaku, kwenye maneno ya meneja mbele ya mkuu wa wilaya. Wajibu wako ni kuyatafuta na kuyaweka ndani ya habari, ingawa kampuni yenyewe imekunyima. Haki ya kujibu ni ya kampuni, lakini msomaji naye anahitaji kujua upande wa pili unasema nini.

Katika mfano wetu, ofisa uhusiano alipigiwa Jumanne akasema kampuni haitazungumzia suala hilo. Mwandishi alirudi kwa katibu wa AMCOS na kuomba aone faili la barua za kampuni. Humo akakuta barua ya tarehe 9 Julai inayosema malipo ya soko la tatu yamesimamishwa kwa sababu uzito wa marobota uliopokelewa kiwandani haulingani na uliopimwa sokoni, na uhakiki unaendelea. Katibu hakuwa ameitaja barua hiyo kwenye mahojiano. Pengine hakuificha, kwake ni kisingizio tu na aliona haina maana. Lakini kwa msomaji inabadilisha picha: badala ya kampuni isiyotaka kulipa, kuna mgogoro wa uzito. Aya inakuwa hivi:

> Ofisa uhusiano wa kampuni hiyo, alipopigiwa simu Jumanne, alisema kampuni haitazungumzia madai hayo. Hata hivyo, katika barua yake kwa chama ya Julai 9 ambayo gazeti hili limeiona, kampuni ilieleza kuwa malipo yamesimamishwa kupisha uhakiki, kwa madai kwamba uzito wa marobota uliopokelewa kiwandani ni pungufu ya uliopimwa sokoni. Katibu wa chama alisema tofauti hiyo hawaitambui, kwa kuwa kila robota lilipimwa mbele ya mwakilishi wa kampuni.

Hapo kampuni imesikika bila kufungua mdomo, na madai yake yamejibiwa na upande wa pili. Wakulima hawajapoteza kitu. Kinyume chake, sasa habari yao haiwezi kuangushwa na barua ambayo ingetolewa Ijumaa.

Je, kuna sheria nyuma ya haya, au ni uungwana tu?

Vyote viwili. Maadili ya taaluma, ambayo Baraza la Habari Tanzania huyatumia linaposikiliza malalamiko, yanataka anayetuhumiwa asikilizwe. Mahakamani, suala hili hujitokeza kwenye kesi za kashfa, na kesi mbili za Uingereza zinalieleza vizuri. Hazizifungi mahakama zetu, lakini mawakili huzitaja.

Ya kwanza ni ya Albert Reynolds, aliyejiuzulu uwaziri mkuu wa Ireland mwaka 1994. Sunday Times liliandika katika toleo la Uingereza kwamba alilipotosha bunge. Reynolds alikuwa ameshatoa maelezo yake bungeni, hadharani, lakini habari haikuyaweka. Mwaka 1999 Baraza la Malordi, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu ya nchi hiyo, lilikataa kulipatia gazeti kinga dhidi ya kesi hiyo ya kashfa. Katika orodha ya mambo ya kupima uandishi wenye wajibu, waliweka mawili yanayotuhusu: je, mlalamikaji aliombwa maelezo? Na je, kiini cha upande wake kiliwekwa kwenye habari? Ni maswali mawili tofauti. Unaweza kufaulu la kwanza kwa simu kumi na ukafeli la pili kwa sababu hukufungua faili la barua.

Ya pili ni ya Jameel, mfanyabiashara wa Saudi Arabia, na kampuni yake dhidi ya Wall Street Journal Europe. Februari 2002 mwandishi alipiga simu usiku wa kuamkia siku ya kuchapa. Mfanyakazi wa Jameel aliomba wasubiri siku moja kwa kuwa bosi wake alikuwa Japani. Gazeti halikusubiri. Mahakama ya chini iliwapa fidia walalamikaji, lakini mwaka 2006 Baraza la Malordi lililipatia gazeti ushindi. Kutosubiri siku hiyo moja hakukutosha kuondoa kinga, kwa sababu habari kwa ujumla wake iliandikwa kwa uwajibikaji juu ya jambo lenye maslahi ya umma, na bosi huyo asingekuwa na mengi ya kueleza zaidi ya kwamba hajui kwa nini akaunti zao za benki zingefuatiliwa, kama habari ilivyodai.

Msome kesi hiyo kwa tahadhari. Haisemi kwamba simu ya usiku inatosha. Inasema uzito wa jibu linalokosekana unategemea jibu hilo lingeweza kusema nini. Kampuni ya tumbaku yenye hati za benki ina mengi ya kusema, kwa hiyo kwetu kusubiri kuna thamani kubwa zaidi.

Wanasema sheria inawapa siku 30 za kujibu. Ni kweli?

Wanachanganya mambo mawili. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaweka siku zisizozidi 30 za kujibu ombi la taarifa, yaani pale unapoomba nyaraka kwa utaratibu wa sheria hiyo. Haiwapi siku 30 za kusimamisha habari inayowatuhumu. Waeleze hivyo kwa heshima, kwa maandishi, na uwakumbushe muda mliowapa. Kama kweli unahitaji nyaraka zenyewe, peleka ombi hilo kwa barua yake peke yake, usilichanganye na maswali ya haki ya kujibu.

Jibu limekuja baada ya muda, lakini gazeti halijachapwa. Ninalazimika kuliweka?

Ndiyo. Muda wa mwisho uliuweka wewe ili upate nafasi ya kuhakiki na kupanga. Si mlango wa kumfungia mtu nje. Ukilipata jibu na ukurasa bado unaweza kufunguliwa, na wewe ukaacha aya inayosema hawakujibu, umechapa uongo huku ukijua.

Tuchukue mfano. Jumatano saa 1:40 usiku inaingia baruapepe kutoka Morogoro, kurasa mbili. Ukurasa umeshasukwa, na kichwa cha habari kinasema "Kampuni yagoma kulipa wakulima Urambo". Soma jibu zima kwanza ukitafuta vitu vya aina tatu. Kuna kukanusha: "madai haya si ya kweli." Kuna malalamiko juu yako: "mwandishi wenu ametumwa na washindani." Na kuna jambo jipya. Katika kurasa hizi mbili, jambo jipya limejificha kwenye aya ya tano: uhakiki ulikamilika wiki iliyopita na fedha zilipelekwa benki Jumanne.

Kukanusha kunaingia siku zote, sentensi moja. Malalamiko juu yako yaache, isipokuwa yanagusa ukweli wa madai. Jambo jipya ndilo linaloamua usiku wako. Kama fedha zimepelekwa, kichwa cha habari ni cha uongo.

Mpigie mhariri wa zamu kabla hujaandika neno, mwambie ukurasa usubiri. Kisha ijibu baruapepe ile ukiomba hati ya benki inayoonyesha tarehe na kiasi, bila namba za akaunti kama wana wasiwasi. Halafu mpigie katibu wa chama: je, ameona fedha? Benki imefungwa saa hiyo, lakini watia saini wengi hupata ujumbe wa simu akaunti inapoguswa. Tuseme Morogoro wametuma hati ya Jumanne, na katibu anasema hajaona kitu. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, fedha ziko njiani. Andika hivyo:

> Katika jibu lililotumwa jana usiku, kampuni ilikanusha kugoma kulipa na kusema ilipeleka fedha za soko la tatu benki Jumanne, baada ya kukamilisha uhakiki wa uzito. Gazeti hili limeona hati ya benki yenye tarehe hiyo. Hata hivyo, katibu wa chama alisema hadi saa 3 usiku jana akaunti ya chama haikuwa imeonyesha fedha hizo.

Aya hii haikai chini ya habari. Inapanda hadi aya ya pili au ya tatu, na kichwa kinabadilika kuwa "Wakulima wa Urambo wasubiri malipo ya tumbaku". Kuongeza aya mwishoni huku ukiacha kichwa cha zamani ni kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote katika majibu ya kuchelewa. Msomaji wa kichwa peke yake, na ndio walio wengi, anaondoka na uongo.

Kama hati haikuja na katibu hapatikani, weka maelezo yao kama maelezo yao, na useme gazeti halikuweza kuyathibitisha kabla ya kwenda mitamboni.

Nitaje kwamba walichelewa?

Pale tu kunapomsaidia msomaji. Ikiwa kuchelewa kwao ndiko kulikofanya usiweze kuhakiki, au toleo lililotangulia lilitoka bila maelezo yao, litaje. Vinginevyo "jibu lililotumwa jana usiku" inatosha. Kuandika "baada ya kusubiriwa kwa siku tatu na kupuuza simu kadhaa" ni kuwaadhibu, na ukurasa wa habari si mahali pake.

Jibu limekuja baada ya gazeti kutoka.

Kwenye tovuti, ingiza jibu ndani ya habari ile ile siku hiyo hiyo, juu kama lina jambo jipya, na weka mstari unaoeleza kilichobadilishwa na saa. Usifute kimyakimya ile sentensi ya "haikuwa imejibu". Ilikuwa kweli ilipoandikwa, kwa hiyo iache katika wakati uliopita na jibu lifuate. Kwenye gazeti, toa habari ya kufuatilia katika toleo linalofuata, isizikwe kwenye kona ya ukurasa wa 14 kama ya kwanza ilikuwa ukurasa wa 3. Redioni isomwe kwenye taarifa za saa ile ile zilizobeba habari ya kwanza, maana msikilizaji wa asubuhi wa Kaliua huenda hayupo jioni.

Ikiwa jibu linaonyesha kwamba jambo mliloandika halikuwa sahihi, hiyo si haki ya kujibu tena. Ni masahihisho, yaandikwe kwa jina hilo na kwa kauli yenu wenyewe. Gazeti lisijifiche nyuma ya "kampuni yakanusha" wakati linajua lilikosea.

Wameleta kurasa tatu na kutaka zichapwe zote. Au wameleta barua ya wakili.

Huwiwi kurasa tatu. Unawiwa kiini cha jibu kwa kila tuhuma uliyoiandika, kwa haki na bila kulipotosha. Njia rahisi ya kujipima ni kuandika tuhuma zako upande mmoja wa karatasi na majibu yao upande wa pili. Tuhuma ikikosa jibu wakati wao walilitoa, aya haijakamilika.

Barua ya wakili isomwe kwa jicho lile lile. Ondoa vitisho, angalia kama ndani yake kuna kukanusha au jambo jipya, na hayo yaweke kwenye habari ukimtaja wakili kama aliyezungumza kwa niaba ya kampuni. Kama juu imeandikwa si ya kuchapishwa, mpelekee mhariri na mwanasheria wa gazeti kabla ya kunukuu, kisha mrudie wakili umuulize ni kauli ipi mteja wake yuko tayari inukuliwe.

Msemaji amenieleza yote kwa simu, mwisho akasema "usiniandike".

Sharti linawekwa kabla ya kuzungumza na linakubaliwa na pande zote mbili. Hata hivyo, kwa msemaji asiyezoea waandishi, mimi humrudia na kumweleza kwamba habari itasema kampuni ilikataa kuzungumza, wakati yeye ameshatoa maelezo yanayowasaidia. Wengi hapo hukubali kunukuliwa kama "kampuni" bila jina. Akikataa kabisa, tumia alichosema kama fununu ya mahali pa kutafuta: alipotaja uhakiki wa uzito, ndipo unapojua barua ya kuomba kwa katibu.

Nihifadhi nini, na kwa muda gani?

Nakala ya barua yenye muhuri, baruapepe zenye saa zake, orodha ya simu, na daftari lenye maneno ya msemaji kama alivyoyasema. Piga skrinishoti siku hiyo hiyo kwa kuwa ujumbe wa WhatsApp unaweza kufutwa na aliyeutuma. Peleka nakala moja kwa mhariri, simu huibiwa stendi. Kesi za kashfa hufunguliwa miaka baada ya habari kutoka, kwa hiyo usitupe kitu msimu unapoisha.